Jinsi ya Kumshauri Mvutaji Huku Foleni Inakohoa Mlangoni

Mwongozo huu ni wa muuguzi wa kituo cha afya cha Kigali ambaye nje ana benchi limejaa, ndani ana mgonjwa mmoja, na mezani ana rejista isiyojijaza yenyewe. Kazi yake ni kumsaidia mtu aache tumbaku kwa dakika tatu hadi tano. Njia ipo, na Shirika la Afya Duniani linaifundisha kwa vituo vya afya vya msingi: uliza, shauri, pima, saidia, panga. Hatua mbili za kwanza kila mtu huzifanya. Mbili za mwisho ndizo huachwa, na ndizo zinazomfikisha mgonjwa anakokwenda.

Tumchukue mgonjwa mmoja wa mfano: dereva wa pikipiki, miaka 38, mkazi wa Biryogo pale Nyamirambo. Amekuja kwa sababu anakohoa, na kikohozi kimetimiza wiki tatu.

Uliza. Usimuulize, "Wewe huvuti sigara, sivyo?" Swali la namna hiyo limeshajibiwa kabla hajafungua mdomo. Uliza kila mgonjwa, kwa sauti ileile unayoulizia umri: "Unatumia tumbaku ya aina yoyote? Sigara, kiko, ugoro?" Orodha hiyo ina maana hapa Rwanda. Bibi aliyetoka kijijini kumtembelea mwanawe mjini anaweza kuwa na kiko chake nyumbani au kijaluba cha ugoro kwenye pindo la kitenge. Ukimuuliza sigara atakujibu hapana, naye atakuwa amesema kweli.

Dereva wetu anajibu, "Ndiyo, daktari. Kama kumi kwa siku." Swali la pili ni hili: "Ya kwanza unaivuta muda gani baada ya kuamka?" Anasema kabla hajanawa uso. Anayewasha ndani ya nusu saa ya kuamka mwili wake umeshika nikotini kwa nguvu, na atahitaji msaada zaidi. Andika yote mawili.

Shauri. Hapa ndipo dakika zinapoibiwa. Ukitaka mvutaji aendelee kuvuta, mpe mhadhara: picha ya pafu jeusi, hesabu ya kemikali, na mjomba wako aliyefariki. Atatikisa kichwa kwa heshima, atatoka, na atawasha nje ya geti. Ushauri unaofaa ni sentensi mbili au tatu: uwe wazi, uwe thabiti, na umhusu yeye.

"Kaka, nakushauri uache sigara, na uziache kabisa. Kwa kikohozi hiki tutakupima kohozi leo, kwa sababu anayevuta hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi na hupona kwa shida zaidi. Mimi nitakusaidia."

Zingatia kwamba sigara haikubebeshwa lawama ya kikohozi moja kwa moja. Mtu anayekohoa wiki mbili au zaidi hupimwa kohozi hata kama anavuta pakiti nzima. Muuguzi anayesema "hiyo ni sigara tu" na kumrudisha nyumbani anaweza kuwa amemrudisha na kifua kikuu.

Pima. Kipimo hiki hakina mashine. Ni maswali mawili: "Ungependa kuwa mtu asiyetumia tumbaku?" na "Unaona unaweza kufaulu?" Akisema ndiyo mara mbili, songa mbele. Akisema anapenda ila hawezi, muulize aliwahi kuacha siku ngapi na nini kilimrudisha. Jibu hilo utalitumia hatua inayofuata. Akisema hataki, usibishane naye. Muulize sigara inamsaidia nini na inamgharimu nini, mwache ahesabu mwenyewe faranga za wiki, kisha mwambie utamuuliza tena akija. Mgonjwa akijibu "labda" nawe ukasikia "ndiyo", utampangia tarehe ambayo haitamwona.

Dereva anasema, "Nataka. Mwaka jana niliacha siku nne. Nikakaa na wenzangu kijiweni kwenye chai, ikaisha." Siku nne zile ni dawa mkononi mwako. Umeshajua adui yuko wapi: kwenye chai, kijiweni, siku ya nne.

Saidia. Mambo manne yanatosha. Kwanza, tarehe ya kuacha, ndani ya wiki mbili, na aichague mwenyewe. Anachagua Jumatatu. Pili, awaambie watu: mke wake, na mwenzake mmoja wa kijiweni atakayekubali kutomwashia. Tatu, ajiandae na kitakachomkuta. Mwambie kwa maneno ya nyumbani: "Utakuwa na hasira, usingizi utakataa, njaa itaongezeka. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, kisha hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Unaweza hata kukohoa zaidi siku za mwanzo, usiogope." Hamu ya sigara yenyewe hudumu dakika chache tu kila inapokuja. Avute pumzi ndefu, anywe maji, ashike kazi nyingine mpaka ipite. Chai ya wiki hiyo ainywe nyumbani. Nne, usiku wa Jumapili atoe pakiti, kiberiti na kila kitu cha sigara kwenye jaketi na nyumbani.

Vibandiko vya ngozi na chingamu zenye nikotini husaidia, hasa kwa mtu wa kuwasha kabla ya kunawa uso, na tangu 2009 viko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kituo kikiwa navyo, mpe na umweleze matumizi. Kisipokuwa navyo, usimwahidi, na usiifanye sababu ya kuruka mambo manne.

Panga. Mwaka 1979 Michael Russell na wenzake wa London walichapisha matokeo ya wagonjwa wavutaji wa madaktari 28. Baada ya mwaka mmoja, walioachwa bila ushauri wowote waliofaulu walikuwa asilimia 0.3. Walioshauriwa tu walikuwa 3.3. Walioshauriwa, wakapewa kijikaratasi na kuambiwa kwamba watafuatiliwa, walifika 5.1. Ni idadi ndogo kwa mgonjwa mmoja mmoja, lakini mtu anayeona wavutaji mwaka mzima ataihesabu kwa familia.

Kwa hiyo usimalize na "ukipata shida uje". Hatakuja. Mwambie siku na njia: "Alhamisi ile, siku ya nne, nitakupigia. Mwezi ukiisha utarudi hapa." Mawasiliano ya kwanza yawe ndani ya wiki ya kwanza, ya pili ndani ya mwezi. Huwezi kupiga simu? Kila kijiji cha Rwanda kina wajumbe wa afya ya jamii. Muulize dereva kama anaridhia mmoja wao apite nyumbani, naye akiridhia, mpe mjumbe huyo tarehe, si jina pekee. Kisha andika kwenye faili lake mstari mmoja: kumi kwa siku, ya kwanza kabla ya kunawa, anaacha Jumatatu, chai ya kijiweni, simu Alhamisi. Mwenzako wa zamu ataendelea pale ulipoishia bila kuanza upya.

Akikuambia Alhamisi kwamba alivuta mbili jana, usimkaripie. Muulize, "Ilikuwa wapi, na ulikuwa na nani?" Andika jibu, mchague tarehe mpya kabla hajakata simu, kisha ita anayefuata kwenye benchi na umuulize kuhusu tumbaku.