Mabaki ya Jikoni kwa Mbuzi wa Maziwa: Tunahesabu Kutoka Tano

Una uwanja wa kuanikia nguo, banda lililoinuliwa kwa nguzo, na ndoo ya maganda inayojaa kila jioni. Mbuzi analia bandani, watoto wanasema ana njaa. Subirini kwanza, tupekue ndoo hiyo kuanzia kilicho kibaya kabisa.

5. Maganda na majani ya parachichi. Hapana! Yana sumu inayoumiza kiwele na moyo wa mbuzi. Maziwa hukatika, kiwele kikavimba. Parachichi kula wewe, ganda lifukie shimoni.

4. Ugali wa jana. Huu ndio unaoua mbuzi wa mjini, na unamuua kwa huruma ya mwenye nyumba. Tumbo kubwa la mbuzi lina vijidudu vilivyozoea kuchachusha majani taratibu. Mwagia humo sufuria ya ugali, wali au mikate, wanga unachacha kwa kasi na kugeuka asidi. Kesho yake anagoma kula, anasaga meno, anaharisha uji wenye harufu kali. Dalili ya kuwahi ni hii: mbuzi mzima akilala hucheua, taya zinakwenda tu. Taya zikitulia mchana kutwa, ondoa vyote vya wanga, mwekee majani makavu, na umpigie bwana mifugo simu siku hiyohiyo. Ugali una mwenyewe, naye ni kuku.

3. Maganda ya mihogo. Mabichi yana sumu ya sianidi, hasa ya mihogo michungu. Yakatekate, yaanike kwenye jua kali mpaka yavunjike mkononi. Haraka ya nini, jua si la bure?

2. Maganda ya ndizi na viazi vitamu. Karibuni mezani! Yaoshe mchanga, yakate vipande vidogo yasimkwame kooni, na yawe ya leo. Yenye ukungu yapeleke kwenye mboji. Kagua pia mfuko wa nailoni, maana ukimezwa hautoki.

1. Majani yenyewe. Ndiyo, mshindi hatoki jikoni! Mbuzi wa kilo 40 anayekamuliwa anahitaji kama kilo 6 hadi 8 za majani mabichi kwa siku. Jiko la watu watano likitoa kilo moja na nusu ya maganda, limefanya vizuri, lakini robo tatu ya chakula au zaidi bado haijapatikana. Panda mabingobingo kando ya ua, lukina kwenye mpaka, na uchukue majani ya viazi vitamu baada ya kuvuna. Lukina isizidi theluthi ya mlo, kwani nyingi humnyonyoa manyoya. Ning'iniza mafungu usawa wa kichwa chake. Yakianguka sakafuni akayakanyaga, hatayagusa tena, hata umbembeleze vipi.