Tatizo Limetatuliwa kwa Vidole Vitatu

Kituo cha huduma kwa wateja kimepata mpango wa wiki mbili wa kuwafundisha wahudumu njia za mkato za Zendesk. Jumatatu ya kwanza chati nzima inabandikwa ukutani kwa mpigo mmoja, na siku zilizobaki ni mitihani ya kasi. Hongera kwa aliyebuni.

Katika chati yote, njia moja inashika siku hiyohiyo: `Ctrl + Alt + S`. Hiyo hutuma tiketi ikiwa imeshatatuliwa. Mzee anapiga simu kulalamika kwamba amekatwa pesa mara mbili. Kabla hajafika kwenye "sasa mwanangu", vidole vitatu vimeshatua na shida yake imekwisha. Kwenye ripoti.

Jirani yake `Ctrl + Alt + P` huacha tiketi ikisubiri jibu la mteja, na `Ctrl + Alt + O` huiacha wazi. Hizo hazina wapenzi, maana haziongezi hesabu ya tiketi zilizofungwa.

Wiki ya pili meneja anashangilia: muda wa kuandika baada ya simu umepungua! Asithubutu tu kutazama tiketi zilizofunguka upya wateja walipojibu, asije akaharibu sherehe.

Mpango wenye akili ungefundisha njia mbili kwa siku, zitumike kwenye simu halisi, na ungeanza na O na P. Lakini nani atapewa cheti kwa kukiri kwamba tatizo bado lipo?