Yah: Laptopu Isiyo na Herufi A

Laptopu za shirika letu hazitupwi, zinarithiwa. Mkurugenzi akinunuliwa mpya, ya zamani inateremka kwa meneja, ya meneja inateremka kwa afisa, na ya afisa, ikiwa imeshachoka kabisa, inaangukia mezani kwa katibu muhtasi. Kwa hiyo mtu anayechapa kutwa nzima ndiye mwenye mashine mbovu kuliko zote, na mwenye mashine bora kuliko zote anaitumia kusoma barua pepe na kuangalia ligi Jumamosi.

Ya katibu muhtasi wetu hapa Korogwe ilikuwa imeng'oka herufi A. Sasa jaribu kuandika Kiswahili bila A uone kama utavuka salamu. Dada wa watu akabuni njia yake: anatafuta A moja kwenye barua ya zamani, anaikopi, kisha kila akiihitaji anabonyeza Ctrl na V. Amezoea hivyo mpaka kasi yake si mbaya. Tatizo lilitokea siku alipokopi maneno mengine katikati ya kazi, akasahau, akaendelea kubonyeza. Barua ya kumwalika mwenyekiti wa kijiji kimoja huko Sindeni ikatoka printa imeandikwa “Mwenyekiti wposho ya safari Kijiji”, na kuendelea chini hivyo hivyo, posho juu ya posho. Mwenyekiti alifika kikaoni mapema kuliko watu wote.

Ndipo Mkurugenzi akaniita, akaniambia, “Mdogo wangu, wewe ndiye afisa TEHAMA. Niandikie barua, tujue hizi mashine tunazibadilisha vipi.”

Nikaanzia masijala. Kwenye faili nikakuta barua ya aliyenitangulia, ya kurasa tatu, inayoomba laptopu zote 24 za shirika zibadilishwe kwa mkupuo. Imejaa maneno mazito: ufanisi, kasi ya teknolojia, dunia ya leo. Pembeni, kwa wino wa kijani, Mkurugenzi alikuwa ameandika: “Nimeona. Fedha haipo.” Simlaumu. Ukimpelekea mtu bili ya milioni arobaini na kitu bila kumwambia ipi inaanza na ipi inaweza kusubiri, jibu lake ni hilo hilo.

Nikaamua barua yangu ijibu maswali mawili tu kwa kila mashine. La kwanza: betri yake iko hai kiasi gani? La pili: inaweza kupokea Windows 11? Kila kitu kingine, kuanzia bawaba iliyofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka feni inayonguruma, kinatengenezeka kwa fundi.

Swali la betri lina jibu lake ndani ya mashine yenyewe. Unafungua dirisha la amri, unaandika mstari huu:

```
powercfg /batteryreport
```

Mashine inatengeneza ripoti na kukuonyesha ilipoihifadhi. Humo unatafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani umeme ambao betri iliundwa kuubeba ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani inaoubeba leo ikijaa kabisa. Ya mama mhasibu ilisema 41,000 kwa 9,840. Imebaki chini ya robo. Ndiyo maana umeme ukikatika Korogwe, yeye hupiga kelele kabla ya taa kuzima.

Kisha nikapanda Handeni. Siku hizi ni lami kilomita 65, unasinzia na kuamka Chanika. Lakini maafisa wetu wa kule hawafanyi kazi kwenye lami, wanazunguka vijijini kwa pikipiki na laptopu mgongoni, na vumbi la Handeni haliombi ruhusa. Nilipofungua kifuniko cha moja, feni ilikuwa imevaa koti la vumbi jekundu. Feni ikiziba, mashine inachemka, na betri inayokaa kwenye joto huzeeka upesi. Ile ya afisa ugani wa mahindi ilikuwa imeshapita uzee. Sehemu ya chini imetuna, kipanya cha kugusa kimenyanyuka, ukiiweka mezani inabembea.

“Nimeigundua tangu wiki iliyopita,” akaniambia kwa fahari. “Usiku naiwekea debe la mahindi juu. Asubuhi inakuwa imenyooka.”

Nilirudi nyuma hatua kadhaa kabla sijajibu. Betri ya lithiamu iliyovimba imejaa gesi. Ukiikandamiza au kuitoboa, tabaka zake za ndani zinaweza kugusana, ikawaka moto, na moto wake si wa kuzima kwa ndoo moja. Dawa yake ni kuizima, kuacha kuichaji, betri itolewe na mtu anayejua, iwekwe mbali na vitu vinavyoshika moto. Nikamweleza yote hayo taratibu. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akauliza: “Na hili debe nirudishe stoo?”

Swali la pili lilikuwa na kalenda yake. Niliandika barua mwanzoni mwa 2025, na Maikrosofti walikuwa wameshatangaza kwamba Windows 10 ingeacha kupata marekebisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimiki siku hiyo, inaendelea kuwaka kama kawaida, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kinachosimama ni viraka. Tundu jipya likigundulika, halizibwi, na flashi za ofisi yetu zinavyotembea toka kwa mtu hadi mtu, tundu moja linatosha.

Kuhamia Windows 11 nako kuna masharti. Ukiacha kumbukumbu na diski, mashine inatakiwa iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha yao, ambayo kwa Intel kwa kawaida huanzia kizazi cha nane. Unaandika `tpm.msc`, unaangalia toleo. Kisha unasoma namba ya prosesa. Ikiwa i5-7200U, hiyo 7 inakwambia kizazi cha saba, haivuki. Kati ya 24, zilizofaulu ni 13. Nne kati ya hizo betri zake zilikuwa hoi, na hapo ndipo nilipookoa fedha: mashine inayopokea Windows 11 yenye betri iliyokufa hainunuliwi nyingine, inanunuliwa betri, kwa bei ya wakati ule kama shilingi 110,000. Zilizobaki 11 ndizo zilikuwa wagonjwa wa kweli.

Kumi na moja bado ni nyingi. Nikazigawa kwa kazi, sio kwa cheo. Sita za kwanza ni za wanaogusa fedha na taarifa za wakulima: mhasibu, keshia, afisa rasilimali watu, afisa takwimu, yule wa debe, na katibu muhtasi. Tano zinazobaki zivushwe mwaka mmoja kwa marekebisho ya kulipia, ambayo kwa taasisi yalitangazwa kwa dola 61 kwa mashine kwa mwaka wa kwanza. Kwa tano ni dola 305, karibu laki nane. Bei hiyo inarudufika kila mwaka: wa pili dola 122, wa tatu 244. Kwa hiyo ni daraja la mwaka mmoja. Ukikaa juu yake miaka mitatu umelipa dola 427 kwa mashine ambayo bado ni mbovu.

Basi mwaka wa kwanza, Julai 2025 hadi Juni 2026, hesabu ikawa hivi. Laptopu sita kwa profoma ya shilingi 1,900,000 kila moja ni 11,400,000. Asilimia kumi ya hapo, 1,140,000, ni ya betri, chaja na matengenezo. Ongeza laki nane za daraja. Jumla 13,340,000. Mwaka wa pili zinaingia zile tano na moja zaidi, wa tatu sita, wa nne sita, wa tano unaanza upya na zile za kwanza. Badala ya milioni 45.6 kwa mkupuo, Mkurugenzi anaona kiasi kinacholingana kila mwaka, na hakuna siku ofisi nzima itazeeka pamoja.

Nikaandika YAH, nikaandika “Husika na kichwa cha habari hapo juu”, nikampelekea mwenyewe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Kaa.” Akasoma. Nilikuwa nimeweka aya moja niliyoipenda sana, kwamba mashine ya mhasibu inachukua robo saa kuwaka, na robo saa kwa siku za kazi za mwezi ni saa zaidi ya tano zinazopotea. Akaweka kidole hapo.

“Hii robo saa wanafanya nini?”

“Wanasubiri, mzee.”

“Hawasubiri. Wanakunywa chai. Ukiwanunulia mashine ya haraka, chai wataihamishia saa nne.” Akaikata aya yote kwa wino wa kijani. Nawashauri maafisa TEHAMA wenzangu waiache hoja hiyo nyumbani; sijaona bosi aliyewahi kuiamini.

Kilichomgusa ni tarehe. Aliisoma 14 Oktoba mara mbili, akauliza mkaguzi akija Novemba akakuta taarifa za wakulima kwenye mashine isiyozibwa, nani ataandika maelezo. Nikamwambia ni yeye. Akanyamaza. Kisha akateremsha kidole kwenye ratiba, jina kwa jina, mpaka chini kabisa.

“Ya kwangu iko mwaka wa ngapi?”

“Wa nne, mzee. Yako ndiyo mpya kuliko zote.”

Feni ya dari ikazunguka. Akarudi juu, akamwona katibu muhtasi katika sita za kwanza, akatazama mlango, akamsikia kule nje akibonyeza Ctrl na V. Akachukua kalamu: “Imekubaliwa. Ya kwangu ibaki mwaka wa nne. Ila begi jipya niletewe sasa.”

Mwaka wa fedha ulipofunguka, mzabuni akaleta sita, zimefungwa nailoni, kila moja na begi lake. Kabla sijasaini hati ya kupokelea nikaendesha ile ripoti ya betri kwenye kila moja. Safari hii nilitafuta mstari wa CYCLE COUNT, unaoonyesha betri imeshatumika na kuchajiwa mizunguko mingapi. Tano zilionyesha sifuri au moja. Ya sita ilionyesha 312.

“Hiyo walikuwa wanaijaribu kiwandani,” akasema mzabuni.

“Miaka mingapi?”

Hakujibu, akaanza kuirudisha kwenye boksi. Aliahidi kuleta nyingine Ijumaa, na kweli akaleta. Akasimama mlangoni akidai ile ya mizunguko 312 pamoja na boksi lake, chaja yake na begi lake, maana mzigo unarudi kamili. Boksi nikampa, chaja nikampa. Begi nikamwonyesha kwa dirisha: lilikuwa linapanda kwenye gari la Mkurugenzi, begani kwa mwenyewe, likielekea Tanga kwenye kikao.