Tangazo kwa Wazazi Waliokuwa Majarubani

Wazazi wa Mwamkulu ambao mpunga uliwazuia kuhudhuria mkutano wanaarifiwa, kwa mujibu wa sauti iliyonaswa na simu mezani, kwamba hoja ya chakula cha mchana, ambacho elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016 haikukigharimia, ilipitishwa kwa kauli moja, nayo kauli yenyewe ni ya mwenyekiti. Kiasi cha mahindi kwa kila mtoto kilitajwa bayana, ila papo hapo pikipiki ikapita, hivyo tumeandika “debe” pasipo idadi. Na kwa kuwa kinasa sauti hakioni mikono iliyonyooshwa, walionyamaza wamehesabiwa kuwa wameridhia. Mwenye pingamizi alete kwanza mahindi, apewe stakabadhi, ndipo atakaposikilizwa.