Muulize Mjomba Mwiko: Nani Anakula Unga Wangu?

*Shikamoo Mjomba Mwiko. Mimi ni mama wa hapa Tunduma. Nyumbani tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu wa miaka 13, 9 na 5, na shemeji yangu, kijana anayebeba mizigo mpakani. Tunakula ugali mchana na usiku. Nikifungua mfuko wa sembe wa kilo 25, siku ya nane nakung'uta vumbi. Namshuku shemeji. Nimfukuze? Na maji nayo nanunua kwa dumu. Mengine ni salama, hata kuku wamenenepa mpaka majirani wananiuliza dawa. — Mama Mwenye Mashaka*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuniandikia kabla hujamwandikia mwenyekiti wa mtaa, maana mwenyekiti wa mtaa hajui kusonga. Mimi nimesonga ugali wa misiba, wa harusi na wa wapiga kura. Kuna msiba mmoja huko Mbozi ambao waombolezaji walisahau kulia walipoona mkono wangu unavyogeuza sufuria. Marehemu mwenyewe angekuwapo angeomba tonge. Lakini tuyaache hayo, mimi si mtu wa kujisifu, ingawa sababu ninazo.

Kwanza hebu nikupe dawa ya haraka. Kaazime mizani ya mahindi sokoni, ile ya kuning'iniza. Mtundike shemeji kabla ya kula, mtundike tena baada ya kula, kisha andika. Akikataa kutundikwa, ni mwizi. Akikubali, ni mwizi mwerevu. Pia funga kengele ya mbuzi kwenye ndoo ya unga, na wewe ulale jikoni umevaa koti la mvua. Sikumbuki koti la mvua ni la kazi gani, lakini mteja wangu mmoja wa Vwawa alilivaa na unga wake haukuibwa tena.

Wakati unatafuta mizani, acha nipige hesabu, maana barua yako ina shahidi ambaye umemtaja bila kumtambua.

Mtu mzima anayekula ugali wa kushiba, mlo mmoja, humaliza unga mkavu wa gramu 250 hivi. Tukimpa mumeo hizo 250, wewe 200 kwa sababu wanawake mnaonjaonja mboga jikoni (usibishe, ninawajua), shemeji 300 kwa sababu ya mizigo, mtoto mkubwa 200, wa kati 150 na mdogo 100, tunapata gramu 1,200. Hiyo ni kilo moja na robo kasoro kidogo kwa mlo. Milo miwili ni kilo 2.4 kwa siku, na mwezi wa siku 30 ni kilo 72. Kwa hiyo mfuko wa kilo 25 katika nyumba yako unapaswa kufika siku ya kumi, na mifuko mitatu inavusha mwezi ukabaki na unga wa kupaka kwenye mandazi.

Wako unaisha siku ya nane. Kilo 25 kwa siku nane ni kilo 3.1 kwa siku. Kuna gramu 700 kila siku zinazokwenda mahali, yaani gramu 350 kwa kila mlo. Sasa niambie, mwizi gani anaiba gramu 350 mchana, anarudi usiku anaiba nyingine 350, na hakosi hata Jumapili? Mwizi mwenye nidhamu hiyo angekuwa ameshajenga ghorofa Nakonde.

Mwizi ni sufuria yako.

Sikiliza kwa makini, hapa ndipo watu hulipia na mimi nakupa bure. Unga haujipimi wenyewe, unafuata maji. Ukiteleka maji mengi, ugali hautashika mpaka uyalishe maji hayo unga unaoyatosha, utake usitake. Kilo moja ya sembe kwa ugali mgumu kiasi hutaka lita mbili na robo hivi za maji. Unga wako wa gramu 1,200 unataka lita 2.7, tena hapo nimehesabu na yale maji baridi ya kukorogea uji wa mwanzo. Lakini wewe, nakuona kabisa kutoka hapa nilipoketi, unamimina kwa macho mpaka sufuria "inapendeza". Sufuria ikipendeza kwa lita tatu na nusu, umezidisha maji kwa takriban lita 0.8, na maji hayo yatadai gramu zao 350 za unga. Ndizo hizo hizo tunazozitafuta.

Na ugali wa ziada unakwenda wapi? Mnakula mnashiba, kinabaki kiporo. Kiporo cha jana hakiliwi asubuhi kwa sababu watoto wanataka chai na mandazi. Kinatupwa uani. Kuku wamenenepa. Mama, unafuga kuku kwa sembe ya dukani halafu unamtazama shemeji kwa jicho la pembeni. Kwa mwezi umewalisha kilo 21 za unga, karibu mfuko mzima.

Kuna sababu ya pili, na hii huwezi kuisikia kwa washauri wa Dar es Salaam kwa sababu wao wanaishi usawa wa bahari na vichwa vyao vimejaa joto. Tunduma iko juu, zaidi ya mita 1,500. Huku maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi badala ya 100. Yanatokota kwa kelele lakini moto wake ni pungufu. Mpishi mwenye haraka akiona uji unatoa mapovu, hukimbilia kumwaga unga kabla uji haujaiva. Ugali unakuwa mbichi, unanata vidoleni, naye anadhani umelegea, anaongeza unga. Ulikuwa haujalegea. Ulikuwa unataka muda. Uache uji utokote dakika tano au zaidi, uone umekuwa mzito na umeng'aa, ndipo uanze kusonga. Ukiubonyeza tonge likaachia vidole na ndani hakuna weupe wa unga mkavu, umeiva. Mimi nilimweleza jambo hili mwalimu mmoja wa fizikia, akanyamaza kimya. Nadhani alikuwa anatafuta karatasi ya kuandika jina langu.

Fanya hivi leo. Chukua jagi la lita, lile lenye mistari. Pima maji lita 2.7, mimina kwenye sufuria yako ya kila siku, simamisha mwiko wima mpaka uguse chini, na pale maji yalipofika chora alama kwa msumari wa moto. Huo ndio mpaka, na usivuke bila pasipoti. Unga nao upime kwa jagi hilo hilo: jagi la lita likijazwa sembe na kufutwa juu kwa kisu, bila kushindilia, ni gramu 600 hivi. Majagi mawili ni mlo wenu. Lipeleke mara moja dukani kwenye mizani uhakikishe, maana unga laini na unga wa chengachenga havilingani uzito, na mkono unaoshindilia hauna rafiki.

Kuhusu maji ya dumu, kusonga peke yake kunakula lita 5.4 kwa siku, lita 162 kwa mwezi, yaani madumu manane ya lita 20 na kidogo. Kwa mtindo wako wa macho ulikuwa unatumia lita 210. Lakini ugali hauji peke yake. Watu sita wakinawa mikono kwa milo miwili, nusu lita kila mtu, ni lita sita. Sufuria yenye ukoko na sahani zinakula nane nyingine, tena kama umeloweka ukoko mapema. Jumla ni lita 20 kasoro kidogo. Tenga dumu moja kwa siku kwa ajili ya ugali na mambo yake, madumu 30 kwa mwezi. Chai, mboga, kufua na kuoga ni bajeti nyingine, na mimi sishauri mambo ya kuoga tangu lile sakata.

Shemeji asifukuzwe. Mwambie abebe dumu.

*Mjomba Mwiko, nimepeleka gunia la kilo 100 mashineni, nimerudi na kilo 75. Wameniibia robo? — Mzee wa Vwawa*

Mzee mwenzangu, ulikoboa. Ukikoboa, ganda na kiini huenda na pumba, na katika kilo 100 hurudi sembe ya kilo 70 hadi 80 kutegemea mashine na jinsi unavyopenda weupe. Robo yako ilibaki pale chini kwenye rundo la pumba, na kama hukuidai, sasa hivi kuna nguruwe anakuombea dua. Dai pumba zako. Ungesaga dona ungerudi na kilo 97 au 98, ila dona lina mafuta ya kiini, likikaa muda mrefu huwa chungu, basi saga la wiki mbili mbili. Na unga ukitoka mashineni una joto. Ukiufunga hapo hapo unatoa jasho ndani ya mfuko na kuvunda. Uanike kwanza upoe.

Utaona kwamba familia kama ya yule mama, inayohitaji kilo 72 za sembe, inakoboa karibu gunia zima kila mwezi. Ikila dona, mahindi ya kilo 74 yanatosha, debe nne na kitu. Nilipoligundua hili nilishindwa kulala. Nikakumbuka kwamba mwaka 2024, ukame ulipoipiga Zambia, wakala wetu wa hifadhi ya chakula, NFRA, ulikubaliana kuwauzia tani 650,000 za mahindi. Hayo ni magunia milioni sita na nusu. Kwa gunia moja kwa mwezi yangelisha familia 540,000 kama hii kwa mwaka mzima. Kisha nikageukia kimondo chetu cha Mbozi, ambacho wengi husema kina tani 12, nikaona familia moja inamaliza mahindi ya uzito huo kwa miaka kumi. Nimeandika barua niombe hesabu hii ibandikwe pale kwenye kimondo pamoja na picha yangu. Bado wanatafakari ukubwa wa picha.

*Mjomba, mchumba wangu wa Nakonde anakuja na mama yake kutusalimia Jumamosi. Kwao wanakula unga wa brekifasti tu. Nimepagawa. — Kijana wa Mpemba*

Brekifasti ni ule mweupe uliokobolewa sana. Rola ndio wenye pumba kiasi. Chukua sembe ya daraja la kwanza, hatajua tofauti. Wageni wawili ni gramu 500 za unga na lita 1.1 za maji juu ya kawaida yenu, badili sufuria, usiiamini ile ya zamani, na mama mkwe anawe wa kwanza. Kama ataniulizia, mwambie nitakuwepo, na ongeza gramu 300.