Maji Hayaui Spika

Timboroa iko juu ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, na baridi yake haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kushuka pale kwenye matatu saa kumi na mbili asubuhi akiwa na shati la mikono mifupi. Kwa hiyo mtu wa Timboroa anayenunua spika ya kuogea nayo ananunua kitu cha ajabu kidogo. Boksi linaahidi kwamba spika itavumilia nusu saa ndani ya maji, hali mwenyewe hawezi kuvumilia nyimbo mbili. Hapa hakuna haja ya nusu saa. Haja inakuja Desemba, familia inaposhuka pwani na spika inabebwa pamoja na viatu vya kuchezea mchangani. Hapo ndipo nambari ile ya boksi huaminiwa kupita kiasi. Maoni yangu ni kwamba spika nyingi za aina hii haziuawi na maji. Zinauawa na chumvi iliyoachwa ikaukia ndani, na anayenunua angefaa kuuliza itaoshwaje kabla ya kuuliza itapiga kelele kiasi gani.

Tuanze na nambari yenyewe. Herufi IP hufuatwa na tarakimu mbili: ya kwanza ni ya vumbi, inafika 6, na ya pili ni ya maji. IP67 maana yake vumbi haliingii kabisa, na chombo kimezamishwa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30 kikatoka salama. IPX7 ni kipimo hicho hicho cha maji, ila ile X haisemi kwamba vumbi halina tatizo. Inasema tu kwamba hakuna ahadi yoyote iliyotolewa kuhusu vumbi. Anayekwenda kuketi mchangani na spika ya IPX7 anafanya jaribio ambalo boksi halikutaja. Tena, maji ya kipimo hicho ni maji baridi yasiyo na chumvi, yametulia, na chombo ni kipya, kimetoka kiwandani na mpira wake wa kuziba ukiwa laini. Hayana sabuni, hayana mawimbi, hayana mvuke wa hita ya bafuni. Sabuni hasa ina hila yake: kazi yake ni kuyafanya maji yapenye mahali yasipopenya kwa kawaida, ndiyo maana tunaifulia. Spika inaweza kukaa ndooni salama, kisha ikaingiwa na shampuu kidogo kidogo kila siku bila mtu kushuku chochote.

Wapo watakaosema dawa ni kupanda nambari, basi wanunue IP68. Tarakimu 8 inasema chombo kimezamishwa zaidi ya ile 7, kwa kina na muda ambao mtengenezaji mwenyewe ameutaja, kwa hiyo usiposoma maandishi madogo hujui umeahidiwa nini. Na kuzamishwa si kupigwa kwa maji. Maji yanayorushwa kwa nguvu yana vipimo vyake, 5 na 6, na aliyepewa 7 hajapewa hivyo moja kwa moja. Ndiyo maana spika ya IPX7 iliyojaa matope haipelekwi kwa kijana wa kuosha magari akaipulizia na mashine yake. Wengine watauliza kwa nini mtu asinunue ya bei rahisi isiyo na nambari, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki. Ukiacha kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na kwamba kujitetea mbele ya askari kuwa huo si mfuko bali ni koti la spika ni kesi ngumu, plastiki inaziba sauti nyembamba, na mwimbaji anasikika kama anaimba akiwa amejifunika blanketi.

Kuelea ni jambo jingine ambalo nambari ya IP haigusi. Chombo kinaweza kuwa na IP68 na kikazama kama jiwe, kikiwa kikavu ndani na hakionekani tena. Hili unaweza kulikadiria dukani kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye boksi. Chukua spika ya mtungi yenye urefu wa sentimita 18 na kipenyo cha sentimita 7. Nusu ya kipenyo ni 3.5, zidisha 3.14 kwa 3.5, kwa 3.5 tena, kisha kwa 18, upate karibu sentimita 690 za ujazo. Maji ya ujazo huo yana uzito wa gramu 690. Kitambaa cha nje hupitisha maji, kwa hiyo punguza kama sehemu moja ya kumi, ibaki 620 hivi. Ikiwa spika ina gramu 550, itaelea, lakini sehemu yake kubwa itakuwa chini ya maji. Ikiwa na gramu 700, iage. Linganisha na ile fupi ya mviringo, kama Wonderboom ya Ultimate Ears, ambayo ina takriban gramu 420 kwenye mwili wenye kipenyo na kimo kinachokaribia sentimita 10: hiyo inaelea vizuri, na mtengenezaji wake ameitangaza hivyo pamoja na IP67. Chumvi ya bahari inasaidia kidogo, kwa kuwa maji yake ni mazito kwa asilimia mbili unusu hivi, lakini huo si msaada wa kuupangia safari.

Kuelea kwa shida kuna gharama yake. Mawimbi ya redio ya Bluetooth hunyonywa na maji upesi sana. Sentimita chache zikishafunika antena, simu iliyo ufukweni haisikilizwi tena na muziki unakatika. Spika iliyozama robo tatu itaimba, itanyamaza, itaimba, na wenye kuogelea watadhani ni mtindo mpya. Hata mwili wa binadamu, ambao sehemu kubwa ni maji, huzuia mawimbi hayo. Mwenye simu akigeuka na kuipa bahari kisogo, huku simu iko mfuko wa mbele, anakuwa ameweka ukuta wa maji katikati.

Kuhusu sauti kufika mbali, duka ndilo mwongo mkubwa. Kibanda cha simu pale mjini Eldoret kina kuta, dari na vioo vinavyorudisha sauti, na bafu la vigae ni hivyo hivyo; spika ndogo inanguruma kama ya disko. Ukitoka nje kwenda uwanjani, kuta zimebaki nyuma. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6. Spika inayotoa desibeli 85 ukiwa mita moja itakupa 79 kwenye mita 2, 73 kwenye mita 4, 67 kwenye mita 8, na 61 kwenye mita 16, hapo mazungumzo ya watu waliokaa karibu nawe yanashindana nayo. Mdundo mzito ndio unaotangulia kupotea, ndiyo maana wimbo uliopendwa dukani unageuka kuwa mbu uwanjani. Jibu la muuzaji ni wati: chukua hii ya 20, achana na ya 10. Lakini wati zikiongezeka mara mbili unapata desibeli 3 tu, nusu ya kile ulichopoteza kwa kusogea kutoka mita moja hadi mbili. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa maradufu unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Ni rahisi zaidi, na haigharimu shilingi, kuisogeza spika karibu na wasikilizaji na kuiegemeza kwenye ukuta au jiwe. Majirani wa ufukweni nao watashukuru.

Sasa chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi. Kitambaa cha spika kikibaki na kijiko kikubwa kimoja tu cha maji, kikikauka kinaacha nusu gramu ya chembe ngumu zilizokaa kwenye nyuzi, kwenye tundu la chaji, na kwenye zile ngozi za mpira za pembeni ambazo vijana hupenda kuzitazama zikidunda. Chembe hizo huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hata mbali na bahari kutu inaendelea na kazi. Tundu la chaji ndilo hufa kwanza: ukichomeka waya kukiwa na unyevu wa chumvi, umeme unapita mahali usipotakiwa na kula zile pini ndogo. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe humo ndani, au chaji inashika tu ukiinamisha waya, kazi hiyo imeshaanza.

Kuiosha si kazi kubwa, ila ina mpangilio. Zima spika, kisha pitisha kidole kwenye kifuniko cha tundu uhakikishe kimekaa sawasawa, kwa sababu punje moja ya mchanga chini ya mpira wa kuziba inafuta ahadi yote ya boksi. Ikiwa ina 7 kwenye tarakimu ya pili, iweke kwenye karai la maji safi yasiyo moto kwa dakika kumi hivi ili chumvi iyeyuke, kisha isuuze chini ya bomba linalotiririka polepole. Usisugue. Kusugua kunausukuma mchanga ndani ya kitambaa. Mchanga uache ushuke na maji. Ikung'ute, kisha isimamishe kivulini tundu likiangalia chini. Mombasa itakauka kwa saa chache. Timboroa, ambako ukungu huingia hadi kabatini, iache hadi kesho yake ndipo uguse chaja. Jiko la makaa si kikaushio, kwa maana joto hulegeza gundi na kuumiza betri. Ukiiwasha na kusikia mkwaruzo, piga wimbo kwa sauti ndogo: mkwaruzo unaoisha baada ya saa kadhaa ulikuwa maji, na usioisha kuna uwezekano mkubwa ni mchanga.

Kuna anayeuliza kwa nini ajisumbue leo, si ataiosha akifika nyumbani? Kwa msafiri wa Timboroa jibu liko hewani. Mgandamizo wa hewa huku juu ni karibu robo tatu ya ule wa pwani, na tofauti hiyo inalingana na maji ya kina cha karibu mita tatu, wakati IPX7 imepimwa kwa mita moja. Spika zilizozibwa vizuri huwa na kitundu chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji, ili ndani na nje zilingane. Chumvi ikikaukia kwenye utando huo pamoja na sabuni ya bafuni, hewa ya pwani inabaki imefungiwa ndani. Njia nzima ya kupanda, Nairobi, Nakuru, Mau Summit, hewa hiyo inasukuma kutoka ndani kutafuta pa kutokea, na ngozi za pembeni zinatuna. Ikishavuja polepole, ukishuka tena mwaka ujao spika inavuta hewa kuingia, na ikiwa wakati huo spika imetolewa kwenye jua kali na kutumbukizwa majini, hewa yake inasinyaa kwa mara moja na kinachovutwa ndani ni maji ya bahari. Basi ioshe kule kule hotelini, kwenye sinki, kabla ya kufunga mizigo, na ukifika Timboroa ukaona ngozi za pembeni zimevimba, loweka tena kwenye maji safi ili utando ufunguke, wala usizibonyeze kwa kidole.