Nembo Kwanza, Tarehe Baadaye
Kipeperushi cha ofa kinachotakiwa kufika kwa mchapaji saa kumi jioni hurudi saa saba mchana kikiwa kimejaa maoni pembezoni, na desturi ya ofisi nyingi ni kuyashughulikia kwa kufuata cheo cha aliyeyaandika, jambo linaloeleza kwa nini nembo huongezwa ukubwa mara tatu ilhali ofa yenyewe bado inamalizika tarehe 31 Juni. Utaratibu wenye tija zaidi, ambao haumpendezi mkurugenzi, hupima kila pendekezo kwa madhara ya kuliacha: kwanza hurekebishwa bei, tarehe, namba ya simu na masharti, kwa kuwa bei isiyosema kama kodi ya ongezeko la thamani imo ndani yake humleta mteja dukani akiwa ameshika kipeperushi kama hati ya mahakama. Hufuata mabadiliko yanayosukuma mpangilio wa ukurasa, yaani kuongeza au kuondoa aya, ambayo hutangulia usahihishaji wa herufi, maana mistari ikipangwa upya baada ya kusahihishwa huzaa makosa mapya ambayo hakuna atakayeyasoma. Ubishi kuhusu aina ya rangi ya chungwa husubiri toleo lijalo, ikiwezekana la mwaka ujao. Namba ya simu, kwa upande wake, haithibitishwi kwa kuitazama bali kwa kuipiga kutoka kwenye nakala ya mwisho, kazi ya dakika moja ambayo mwenye cheo huona aibu kuipendekeza pembezoni.